Mstari wa kijani unaokata karatasi

Ukifungua kitabu cha michoro kilichotoka katika karakana ya kifalme ya Uajemi ya karne ya 16, macho yatakimbilia nyuso, farasi na mavazi. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi karatasi, kwa hiyo naanza pembeni, kwenye mistari inayouzunguka mchoro. Mara nyingi ni mstari mpana wa dhahabu uliobanwa na wino mweusi, kisha mwekundu, kijani na buluu kwa nje. Huo wa kijani ndio adui.

Kijani chenyewe ni kutu ya shaba. Mafundi waliweka vipande vya shaba juu ya siki ndani ya chombo kilichofunikwa, wakavifukia kwa wiki kadhaa, kisha wakakwangua unga uliofanyika. Waliusaga na kuuchanganya na gundi ya mgunga. Rangi hung'aa kweli, ila shaba na asidi iliyobaki ndani yake haviachi kuila karatasi. Nyuzi huvunjika polepole, karatasi inageuka kahawia, kisha inakuwa kavu kama biskuti. Siku moja msomaji anageuza ukurasa na mchoro mzima unadondoka kutoka kwenye fremu yake, umekatwa pande zote nne.

Hasara inazidi kwa sababu ya jinsi kurasa hizi zilivyotengenezwa. Mwandishi wa hati nzuri alimaliza maneno kwanza na kuacha nafasi tupu. Karatasi ilikuwa imeshapakwa wanga na kusuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikateleza, ili burashi isikwame. Mchoraji alitumia burashi ya manyoya ya paka mchanga au ya mkia wa kindi, yaliyochomekwa ndani ya shina la unyoya wa njiwa, ncha ikiishia karibu na unywele mmoja. Tena wachoraji wa Kisafawi, yaani wa enzi ya ukoo uliotawala Uajemi karne hiyo, walipenda kuvuka mpaka: bendera au tawi la mti linachomoza nje ya fremu hadi pambizoni. Mstari ukikatika, bendera inabaki upande mmoja na mlingoti wake upande mwingine.

Hata hivyo, si kila ukurasa uliopasuka pale umeliwa na shaba. Vitabu vingi vya kifahari vilipachikwa: sehemu ya maandishi na mchoro iligundishwa ndani ya pambizo la karatasi nyingine, na mistari ikachorwa juu ya kiungo ili kukificha. Gundi ya wanga ikichoka, kiungo kinaachia. Hapo kingo zinakuwa safi, zimechongwa kwa ulalo, na alama za gundi zinaonekana. Karatasi iliyoliwa kingo zake ni za kahawia, zimemomonyoka na zinaacha vumbi mezani. Geuza ukurasa: kama nyuma yake kuna kivuli cha kahawia kinachofuata umbo la rangi ya mbele, jibu umelipata.

Kuna pia kijani kisicho na hatia, kile cha nili iliyochanganywa na madini ya njano ya aseniki. Kwa macho vinaweza kufanana, hasa kwenye majani ya miti. Kamera ya infraredi huvitenganisha: nili hung'aa kana kwamba haipo, kijani cha shaba hubaki cheusi.

Kinachonishangaza ni kwamba mafundi wenyewe waliyajua haya. Maandishi ya Kiajemi kuhusu ufundi wa rangi yanashauri kutia zafarani kidogo kwenye kijani cha shaba ili kisiunguze karatasi. Majaribio ya maabara ya siku hizi yameunga mkono ushauri huo: zafarani huituliza asidi. Pia huuvuta ule ubuluu wa kutu kuelekea kijani cha majani mabichi, kwa hiyo nadhani wengine waliitia kwa ajili ya rangi tu, wakapata kinga bila kukusudia.

Kutengeneza ukurasa uliokatika, maji ndiyo ninayoyaogopa zaidi, maana huisambaza shaba hadi sehemu zilizo salama, na gundi ya mgunga nayo huyeyuka. Natumia karatasi nyembamba sana ya Kijapani iliyopakwa gelatini na kukaushwa. Naikata ukanda mwembamba, nailowesha kiasi cha kunata tu, naibandika nyuma ya mpasuko, kisha naiwekea karatasi ya kufyonza na uzito mdogo. Naanzia pale bendera ilipokatika, kwa kuwa kosa dogo pale linaonekana kuliko popote.

Huniuliza watu kama tunaweza kuipaka zafarani leo kwenye kurasa hizi. Hapana. Ingebadilisha rangi, ingehitaji kimiminika, na nyuzi zilizokwisha kuvunjika haziungani tena.