Je, wajua sekunde za damu kuganda zinavyoifichua sumu ya panya?

"Mbwa wangu wa ulinzi hapa Mtwara anatokwa damu puani na kwenye fizi. Daktari kaangalia PT na aPTT, kasema kala sumu ya panya. Kajuaje, na hakuna aliyemwona akila?"

Vipimo hivi huhesabu sekunde ambazo majimaji ya damu huchukua kuganda baada ya kutiwa kichocheo. PT hutegemea zaidi protini ya kugandisha damu namba 7. aPTT hutegemea namba 8, 9, 11 na 12. Kisha njia zote mbili hukutana na kumalizia pamoja.

Sumu nyingi za panya zinazotegwa madukani na kwenye maghala, kama brodifakumu, huzuia ini lisiitumie tena vitamini K. Bila hiyo, protini namba 2, 7, 9 na 10 hutoka zikiwa hazifai kazi. Namba 7 ndiyo inayoisha upesi kuliko zote: nusu yake hupotea kwa saa sita hivi. Kwa hiyo PT hurefuka kwanza, peke yake. Kufikia siku ya tatu hadi ya tano, mbwa anapoanza kuvuja damu, aPTT nayo imeshafuata.

Tuchukue mbwa wa kilo 20. PT ni sekunde 55 na mwisho wa kawaida wa mashine ni 11. aPTT ni 80, mwisho wake 20. Zote zimerefuka sana. Ini bovu nalo huweza kuzirefusha, hata damu inayojigandia ovyo mwilini mpaka protini zikaisha. Lakini huyu vipimo vya ini ni safi, fibrinojeni, protini inayofanya donge la damu, iko sawa, na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, hazijashuka sana. Inabaki sumu. aPTT ingerefuka peke yake kwa mbwa dume mchanga, ningefikiria hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri.

Huku kwetu mshukiwa wa kwanza wa damu ya puani huwa kupe, na ni haki yake. Ila ugonjwa wa kupe hupunguza chembe sahani, na vipimo hivi haviziangalii kabisa. Mara nyingi hutoka sawa huku mbwa akivuja.

Kabla ya kuamini namba, uliza damu ilivyochukuliwa. Mrija wa kifuniko cha bluu unataka damu sehemu tisa kwa sehemu moja ya sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande mrijani. Ukijazwa nusu, sekunde hurefuka kwa uongo.

Dawa ni vitamini K1, miligramu 2.5 hadi 5 kwa kilo kwa siku, yaani 50 hadi 100 kwa huyu, pamoja na chakula chenye mafuta. K3 haimsaidii. Anayevuja sana huhitaji pia damu au plazima, maana ini huchukua saa kadhaa kutengeneza protini mpya. Vidonge huendelea wiki tatu hadi nne au zaidi, kisha PT hupimwa saa 48 hadi 72 baada ya kidonge cha mwisho. Ikiwa imerefuka tena, sumu bado imo na vidonge vinarudi.