Furaha na upele wa bweni: tulivyodhani na ilivyokuwa

Tulikuwa wasichana 12 katika chumba kimoja cha interna, hapa Bukavu, vitanda sita vya ghorofa. Aliyelala chini yangu nitamwita Furaha. Jina lake halisi nalificha, maana mwenyewe alificha makubwa zaidi. Leo mimi ni muuguzi, na kila nikimwona msichana amevuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole mchana wa jua kali, namkumbuka yeye.

Muwasho ulimwanza wiki ya pili ya Oktoba, katikati ya vidole, kisha viganjani karibu na mishipa, kisha kiunoni pale mpira wa sketi unapobana. Mchana alivumilia. Usiku, blanketi likishapata joto, kitanda kilitikisika.

“Upele ni wa watu wachafu.” Dhana hii ndiyo iliyomfunga mdomo. Furaha alikuwa msafi kutupita sote, na alipoona vipele alijihukumu kwamba hajajisugua vya kutosha. Akawa anaamka saa kumi alfajiri, kabla ya kengele, anaoga maji ya baridi peke yake na kujisugua kwa jiwe. Akajaribu ndimu na chumvi. Siku moja alinukia mafuta ya taa darasani, sote tukageuka, naye akasema taa ilimmwagikia. Ngozi ikachubuka, na muwasho ukabaki palepale.

Ukweli ni kwamba upele unaletwa na utitiri, kidudu ambacho jike lake halifiki hata nusu milimita. Jike huchimba handaki ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku, kwa mwezi mmoja hadi miwili. Sabuni hupita juu ya paa la nyumba yake. Tena si kwamba mwili umejaa wadudu: mtu mwenye kinga ya kawaida hubeba kama 10 hadi 15 tu. Kinachowasha ni mwili unaoyakataa mayai na mavi yao, ndiyo maana vipele hutokea hata mahali ambapo mdudu hayupo. Uchafu hauna neno hapa. Utitiri unataka ngozi igusane na ngozi kwa muda, na sisi usiku wa baridi ya ziwa tulilala wawiliwawili ili tuunganishe mablanketi. Mimi nililala na Furaha.

Dhana ya pili ilimwumiza mtu asiyekuwa na kosa. Wiki moja kabla ya Furaha kuanza kujikuna, alikuja mwanafunzi mpya aliyekimbia vita na familia yake. Chumba kizima kikaamua kuwa yeye ndiye aliyeleta. Wengine wakaacha hata kumpa mkono, ingawa salamu ya mkono ni fupi mno kwa utitiri kuhama. Furaha alinyamaza, na nadhani kunyamaza kule kulimwuma kuliko upele.

Hesabu ilikuwa inakataa. Mtu anayepata upele mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita, kwa sababu mwili unachukua muda kuwatambua wageni wake. Ukirudi nyuma wiki sita kutoka Oktoba unaangukia mwisho wa likizo, wakati Furaha alipolala kitanda kimoja na binamu zake kule Kadutu. (Aliyewahi kuugua huwashwa upesi, ndani ya siku chache, kwa hiyo hesabu hii ni ya mara ya kwanza.) Na wiki hizo zote za kimya mtu anaambukiza. Mimi sikuwa najikuna hata kidogo, nikawa najiona mzima.

Usiku aliponaswa ilikuwa mwishoni mwa Novemba, siku za mitihani. Matroni alisikia maji yakitiririka saa nane usiku, akamkuta ameweka mikono chini ya bomba, analia bila sauti.

“Mwanangu, unafanya nini hapa?”

“Hakuna kitu, Mama.”

“Lete mikono.”

Akammulika kwa tochi. Katikati ya vidole palikuwa na vidonda vya usaha, lakini matroni alitafuta ngozi iliyobaki nzima. Akachukua bolpeni ya wino, akapaka juu ya kipele kimoja cha kiganjani, kisha akapangusa kwa pamba yenye alkoholi. Wino wote ukatoka isipokuwa kijistari kimoja cheusi, kimepindapinda, kifupi kuliko punje ya mchele. Wino ulikuwa umeingia ndani ya handaki. “Unaona? Huu si uchafu. Hii ni njia ya mdudu,” akasema.

Asubuhi alimpeleka kwa muuguzi. Huyo aliuliza swali lililotushangaza: uso wake huwa umevimba asubuhi, mkojo umebadilika rangi? Ni kwa sababu bakteria wanaoingia kwenye ngozi iliyokwaruzwa wanaweza kuishia kuharibu figo. Furaha alikuwa salama, ila alipewa antibiotiki kwanza, maana dawa ya upele huunguza vibaya juu ya kidonda kibichi.

“Dawa ni ya anayejikuna.” Hapo ndipo matroni alipogombana na chumba kizima. Ijumaa moja alitupanga wote 12, akagawa benzili benzoati ya asilimia 25, nyeupe kama maziwa. Tulipaka kuanzia shingoni hadi nyayo, kwapani, kitovuni, katikati ya vidole na chini ya kucha zilizokatwa. Aliyenawa mikono alipaka upya mikono. Jumamosi tulipaka tena bila kuoga, Jumapili tukaoga, na wiki iliyofuata tukarudia, kwa ajili ya waliokuwa bado mayai. Wasichana tisa walilalamika kwamba hawaumwi. Jumatano yake mimi nilianza kuwashwa, na hapo wakanyamaza.

Nguo na mashuka tulizichemsha na kupiga pasi ya makala. Kwa kuwa kwenye mvua ya Bukavu vitu vizito havikauki haraka, mablanketi tuliyafunga kwenye mifuko ya plastiki siku tatu: utitiri ukiwa mbali na mwili wa mtu kwa kawaida hauvuki hapo. Wengine walitaka kuchoma magodoro. Matroni alicheka tu.

Kosa la mwisho lilikuwa la Furaha tena. Baada ya dawa aliendelea kuwashwa, akaamini imeshindwa, akawa anaiba chupa na kupaka kila usiku. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikawasha zaidi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne baada ya wadudu wote kufa, kwa kuwa maiti na mavi yao bado yamo ndani ya ngozi hadi ngozi ijibadilishe. Cha kutazama ni kama vinatokea vipele vipya na vistari vipya. Matroni alirudia kipimo cha bolpeni mara tatu mbele yake, wino ukatoka wote, akamnyang'anya chupa na kumpa mafuta ya mgando.

Likizo ya Desemba ilipofika, matroni alimpa Furaha barua ya kumpelekea mama yake: wote waliolala naye Agosti wapakwe siku moja. Mama aliisoma mlangoni, akawaita wale binamu waonyeshe mikono. Walikuwa wanajikuna tangu Septemba. Nyumbani kila mtu alisema ni mbu.