Uzito wa ubao wenyewe: mzigo unaosahaulika kwenye egemeo

Hesabu nyingi za momenti hufundishwa kwa bembea: ubao umekaa juu ya egemeo katikati, mtoto huku, mtoto kule, zidisha uzito kwa umbali, linganisha pande mbili, kazi imekwisha. Tatizo la mfano huo ni kwamba unaficha jambo moja. Egemeo likiwa katikati, uzito wa ubao unapita moja kwa moja kwenye egemeo, umbali wake ni sifuri, na momenti yake ni sifuri. Mwanafunzi anazoea kuuacha. Siku egemeo linaposogezwa pembeni, anaendelea kuuacha, na jibu linaharibika.

Tuchukue ubao wa urefu wa mita 4 wenye tungamo la kilo 18, unene na upana wake ukiwa sawa toka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio tunaouita ubao sare, na usare huo una faida moja kubwa: uzito wote unaweza kuhesabiwa kana kwamba unavuta kutoka nukta moja, katikati kabisa, yaani mita 2 kutoka kila ncha. Nukta hiyo ni kitovu cha uzito. Egemeo tunaliweka mita 1.5 kutoka ncha ya kushoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 tunauning'iniza kwa kamba, sentimita 20 kutoka ncha hiyohiyo ya kushoto. Upande wa kulia tuna mfuko wa mchele wa kilo 25, nao wa kuning'inizwa. Swali: ufungwe wapi ili ubao ukae mlalo?

Kabla ya kugusa namba, chora ubao kwa mstari mmoja na uweke mishale ya kani zote: saruji chini, uzito wa ubao chini kwenye mita 2, mchele chini, na egemeo likisukuma juu. Mishale ikiwa mitatu, ujue umesahau mmoja, na mara nyingi ni ule wa ubao wenyewe.

Sasa umbali. Umbali wa momenti hupimwa kutoka kwenye egemeo, si kutoka kwenye ncha ya ubao. Maswali hutoa vipimo vya kutoka nchani kwa sababu ndivyo utepe unavyosomeka, kwa hiyo lazima utoe. Saruji iko 1.5 − 0.2 = 1.3 m kushoto kwa egemeo. Kitovu cha uzito cha ubao kiko 2.0 − 1.5 = 0.5 m kulia. Umbali wa mchele hatuujui, tuuite d.

Kilo ni tungamo, nasi tunataka uzito, kwa hiyo tunazidisha kwa 10 N/kg: saruji 500 N, ubao 180 N, mchele 250 N. Kanuni ya momenti inasema kwamba kitu kikiwa katika msawazo, jumla ya momenti zinazokizungusha kinyume cha mshale wa saa ni sawa na jumla ya zile zinazokizungusha kufuata mshale wa saa, zote zikipimwa kwenye nukta ileile. Saruji inavuta kinyume cha saa. Ubao na mchele vinavuta kufuata saa:

500 × 1.3 = (180 × 0.5) + (250 × d)
650 = 90 + 250d
d = 2.24 m

Mchele ufungwe mita 2.24 kulia kwa egemeo, yaani mita 3.74 kutoka ncha ya kushoto. Zinabaki sentimita 26 tu za ubao.

Aliyesahau uzito wa ubao angepata 650 ÷ 250 = 2.6 m, ambayo ni mita 4.1 kutoka ncha ya kushoto. Ubao una mita 4. Jibu lake linamwambia afunge mchele hewani! Hapa kosa limejianika lenyewe, lakini usitegemee bahati hiyo. Ubao ungekuwa mrefu zaidi, jibu la 2.6 lingeonekana la kawaida kabisa.

Egemeo linabeba nini? Kani za juu na za chini lazima zilingane, kwa hiyo kani mjibizo ni 500 + 180 + 250 = 930 N. Hatukuihitaji mwanzoni kwa sababu inapita kwenye egemeo lenyewe, haina umbali. Lakini inafaa sana kwa kuhakiki. Pima momenti upya kutoka ncha ya kushoto: za kufuata saa ni 500 × 0.2 + 180 × 2 + 250 × 3.74 = 100 + 360 + 935 = 1395 Nm. Ya kinyume ni 930 × 1.5 = 1395 Nm. Zimelingana. Mimi huona uhakiki huu una thamani kuliko kurudia hesabu ileile mara mbili, kwa sababu umbali uliokosewa mwanzoni hauwezi kujificha humo.

Wazo hilohilo, likigeuzwa, linakupa tungamo la rula bila mizani. Kwanza tafuta rula ya mita inapotulia yenyewe juu ya egemeo lenye makali. Usidhani ni alama ya 50. Rula iliyolika nchani au iliyotobolewa tundu huweza kutulia kwenye 50.2, na hiyo ndiyo nukta ya kutumia. Kisha hamisha egemeo hadi 40.0 na usogeze jiwe la gramu 100 lililofungwa uzi mpaka rula itulie. Tuseme limetulia kwenye 28.8. Jiwe liko sentimita 11.2 kutoka egemeo, kitovu cha uzito sentimita 10.2. Tungamo la rula ni 100 × 11.2 ÷ 10.2, karibu gramu 110. Hapa hakuna haja ya kuzidisha kwa 10, maana ingekuwepo pande zote mbili na kukatana.

Kwa nini egemeo liende hadi 40 na si 48? Kwa sababu ya milimita. Kosa la milimita moja kwenye sentimita 10.2 ni kama asilimia 1. Kwenye sentimita 2.2 linakaribia asilimia 5.

Na rula itakataa kutulia. Si mikono yako: rula iliyolazwa juu ya egemeo ina kitovu cha uzito juu kidogo ya makali, kwa hiyo ikiinama chembe, inaendelea kuinama. Jiwe linaloning'inia chini haliitulizi, kwa kuwa linavuta kutoka pale uzi unapogusa rula, si kutoka lilipo jiwe. Sogeza jiwe polepole, andika alama ambapo rula inaangukia kushoto, kisha ambapo inaangukia kulia, na uchukue alama iliyo katikati ya hizo mbili. Kama maabara ina kishikio, ning'iniza rula kwa uzi uliofungwa kwenye ukingo wake wa juu badala ya kuiegemeza kwa chini. Nukta ya kuzungukia ikiwa juu ya kitovu cha uzito, rula ikiinama hurudi yenyewe, na utasoma alama bila kushika pumzi.