Konvasheni ya raga ya saba: kwa nini refa hukataa mkwaju uliochelewa

Kila msimu wa mashindano ya wachezaji saba kila upande, sisi wa upande wa waamuzi hupokea lalamiko lilelile: refa amewanyima watu alama mbili za konvasheni, mkwaju unaopigwa baada ya trai. Mara nyingi refa hajanyima mtu chochote. Muda ndio uliokwisha.

Mechi ya wachezaji 15 huchukua dakika 80. Ya saba ni dakika 14, vipindi viwili vya dakika saba, kwenye uwanja wenye ukubwa uleule. Konvasheni haisimamishi saa, ndiyo maana kwenye saba mpigaji hupewa sekunde 30 tangu trai, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani kwa alama tano, ikubaliwe, nusu ya 60 anazopewa mwenzake wa 15. Zikipita kabla hajapiga, mkwaju unafutwa. Refa hana hiari hapo.

Namna ya kupiga nayo ni tofauti. Kwenye 15, mpigaji anaruhusiwa kuusimamisha mpira juu ya kishikizo kidogo kilichowekwa chini, na wapinzani hungoja nyuma ya mstari wao wa goli, tayari kumkimbilia mara anapoanza kuuendea mpira. Kwenye saba lazima auangushe na kuupiga unapodunda, huku wapinzani wakirudi karibu na mstari wao wa mita 10 bila kumsumbua.

Mkwaju hupigwa kwenye usawa wa pale trai ilipofungwa. Ndiyo maana mchezaji aliyewaacha wote hukata kuelekea katikati ya milingoti badala ya kuweka mpira pembeni. Haringi, kama baadhi ya mashabiki wanavyodai. Anamrahisishia mpigaji.

Chukua robo fainali. Timu iko nyuma 12-7, inafunga trai kwenye kona wakati saa imeisha. Sasa ni 12-12, na konvasheni bado ni haki yake. Wachezaji wanakumbatiana, mpigaji anafika amechelewa, sekunde 30 zinapita. Ubao unabaki 12-12. Zinafuata dakika za nyongeza, vipindi vya dakika tano, na anayetangulia kufunga ndiye mshindi.

Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya saba, walipoifunga Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016, hawakuhitaji hesabu hizo. Kwa trai na konvasheni pekee, 30 hupatikana kwa njia moja tu: trai sita bila konvasheni hata moja.

Baada ya alama, anayeanzisha mpira kwenye saba ni timu iliyofunga. Kwenye 15 ni iliyofungwa. Tafadhali msimzomee refa kwa hilo.

Na kadi ya njano ya dakika mbili si adhabu nyepesi kwa sababu ile ya 15 ni dakika 10. Mbili kati ya 14 ni sehemu ya saba ya mechi. 10 kati ya 80 ni sehemu ya nane. Tena wanaobaki ni sita, na uwanja haupungui hata mita moja.