Nusu ya saa ya tatu: namna saa na tarehe zinavyotamkwa kwa Kijerumani

Neno la Kijerumani *halb* ni nusu na *drei* ni tatu, lakini mtu akikuambia mkutane *um halb drei* hakusudii nusu saa baada ya saa tatu kwa hesabu ya saa za Kizungu. Anakusudia nusu saa kabla yake, yaani 14:30, ambayo kwa saa zetu ni saa nane na nusu mchana. Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa kumchelewa daktari wa meno saa nzima. Mpokezi alinigeuzia daftari la miadi, ambamo palikuwa pameandikwa 14.30, na sikuwa na la kujitetea, kwa kuwa kila neno nililisikia sawasawa nikaja kuyajumlisha vibaya.

Ufunguo wa jambo hili umo katika tofauti ambayo Kiswahili huionyesha kwa silabi moja tu, yaani tofauti kati ya saa tatu na saa *ya* tatu. Saa tatu ni nukta katika uso wa saa, ilhali saa ya tatu ni kipande cha muda chenye mwanzo na mwisho. Ukianza kuhesabu kutoka saa kumi na mbili ya Kizungu, kipande cha kwanza kinakwisha saa inapogonga moja, cha pili kinakwisha inapogonga mbili, na cha tatu ndicho kilicho kati ya mbili na tatu. Mjerumani asemapo *halb drei* anakitazama kipande hicho cha tatu na kuarifu kwamba kimefika nusu. Ndivyo sisi nasi tunavyohesabu karne: mwaka 1950 tunauweka katikati ya karne ya 20, ingawa tarakimu zake zinaanza na 19, na hakuna anayeona ajabu.

Anayekumbuka vipimo vya zamani vya nafaka anaweza kuiona hesabu hii kwa macho. Pishi moja ina vibaba vinne. Tuseme pishi mbili zimekwisha kujaa na sasa unamimina ya tatu. Ukitia kibaba kimoja, hiyo ni *viertel drei*, robo ya tatu, nayo ni 14:15. Ukitia cha pili, ni *halb drei*. Ukitia cha tatu, ni *drei viertel drei*, robo tatu za tatu, nayo ni 14:45. Kibaba cha nne kikiingia, pishi imejaa na saa ni *drei* kamili. Wakati wote huo namba inayotajwa haibadiliki, kwa sababu pishi inayojazwa ni ileile.

Hata hivyo, si Wajerumani wote wanaozijaza robo kwa namna hiyo. *Halb drei* inaeleweka na kutumika popote Kijerumani kinapozungumzwa, bali *viertel drei* na *drei viertel drei* ni usemi wa kimaeneo, unaosikika hasa mashariki, kama vile Saksonia, Thuringia na Berlin, na tena kusini, katika Baden-Württemberg, sehemu za Bavaria na mashariki ya Austria. Kwingineko, na katika vitabu vingi vya wanafunzi, 14:15 ni *Viertel nach zwei*, robo baada ya mbili, na 14:45 ni *Viertel vor drei*, robo kabla ya tatu. Uswisi wana *Viertel ab zwei* badala ya *nach*. Wapo Wajerumani wa kaskazini na magharibi ambao wakisikia *viertel drei* huuliza maana yake, kwa hiyo mgeni asione haya kuuliza. Alama ya kukuongoza ni kihusishi. Ukisikia *nach* au *vor* baada ya robo, hesabu dakika kumi na tano baada ya saa iliyotajwa au kabla yake. Usiposikia chochote kati ya robo na namba, basi pishi ndiyo inayojazwa.

Msemaji wa Kiswahili ana msaada ambao aliyezoea Kiingereza pekee hana. Sisi tunaposema saa tisa kasorobo tumekwisha kuitaja saa ambayo bado haijafika, na hakuna mtoto anayebabaika. *Viertel vor drei* ni hiyo kasorobo yetu, neno kwa neno. *Drei viertel drei* nayo ni wakati huohuo, ila imetazamwa kutoka upande wa pili, kwani sisi tunataja robo iliyopungua na wao wanataja robo tatu zilizokwisha kuingia. Kwa hiyo kila usikiapo *drei viertel*, weka kasorobo mahali pake, uache namba ilivyo, na hutakosea.

Tatizo linabaki kwenye nusu, kwa sababu hapo Kiswahili hutazama nyuma na Kijerumani hutazama mbele, na juu ya hayo saa zetu na zao zimepishana kwa sita. Hesabu zote mbili zinaweza kufanywa kwa mkupuo: chukua saa ya Kiswahili, ongeza saba, na jumla ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili. Saa mbili na nusu asubuhi inakuwa *halb neun*. Saa nane na nusu inatoa kumi na tano, ukitoa kumi na mbili inabaki tatu, nayo ni *halb drei*. Saa sita na nusu mchana inatoa *halb eins*, jambo ambalo humshangaza mgeni kuliko mengine, maana ni 12:30 na namba iliyotajwa ni moja.

Nusu hiyo hutumika pia kama kigingi cha kufungia dakika zilizo karibu nayo. Saa 14:25 ni *fünf vor halb drei*, tano kabla ya nusu ya tatu, na 14:35 ni *fünf nach halb drei*. Anayesikia *fünf* na *drei* na kuliruka neno la katikati atakosea kwa nusu saa nzima, tena kwa uhakika mkubwa.

Yote haya ni lugha ya mazungumzo. Katika stesheni za treni, redioni na katika barua za ofisi hutumika saa ishirini na nne, na neno *Uhr* huwekwa kati ya saa na dakika: *vierzehn Uhr dreißig*. Mifumo hii miwili haichanganywi, kwa hiyo hakuna asemaye *halb fünfzehn*. Neno *Uhr* lenyewe linahitaji uangalifu, kwa sababu Kiswahili kina neno moja, saa, kwa mambo matatu. Saa ya ukutani ni *eine Uhr*. Saa moja ya Kizungu kama nukta ya wakati ni *ein Uhr*, au *eins* ukiiacha *Uhr*. Na saa moja ya kusubiri ni *eine Stunde*. Aliyesema *um ein Uhr* amekupa miadi, aliyesema *in einer Stunde* anakutaka baada ya dakika sitini.

Wazo la kuhesabu kipande kinachojazwa limeacha alama yake pia katika neno *anderthalb*, ambalo maana yake ni moja na nusu. Zamani *ander* lilimaanisha pili, hivyo neno zima husema kwamba cha pili kimefika nusu, na cha kwanza hakitajwi kwa kuwa kimekwisha kujaa. Hapo tumeingia katika namba za mpangilio, ambazo tarehe za Kijerumani haziwezi kutamkwa bila ya hizo.

Kiswahili kina mosi na pili, kisha tarehe zilizobaki huchukua namba za kawaida: tarehe tatu, tarehe nne. Kijerumani huendelea na mpangilio hadi mwisho wa mwezi. Kuanzia mbili hadi kumi na tisa namba huongezwa *-te*, na kuanzia ishirini huongezwa *-ste*: *vierte*, *neunzehnte*, kisha *zwanzigste*. Zilizo nje ya kanuni ni chache, yaani *erste*, *dritte*, *siebte*, na *achte*, ambayo haiongezi t ya pili. Katika maandishi mwisho huo wote hufichwa ndani ya nukta moja, kwani *3. Oktober* ni *dritte Oktober*, na asiyeitamka nukta hiyo ameacha nusu ya neno.

Tena mwisho hubadilika kwa kufuata kilichotangulia. Siku ikiwa ndiyo inayoelezwa, ni *der dritte Oktober*. Jambo likitokea katika siku hiyo, ni *am dritten Oktober*, na *-n* hiyo hubaki baada ya *den*, *vom* na *bis zum*. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa *am 3. Oktober 1990*, siku Ujerumani mbili zilipoungana, husomwa *am dritten Oktober neunzehnhundertneunzig*. Mwaka huo umesomwa kwa mamia, mia kumi na tisa na tisini, kama ilivyo kwa miaka ya 1100 hadi 1999; tangu 2000 husomwa kwa maelfu, *zweitausendzehn* na kadhalika. Mbele ya mwaka uliosimama peke yake hakuwekwi *in*: ni *1990* tu, au *im Jahr 1990*.

Kwenye simu kuna hila ndogo inayofaa kujulikana. *Juni* na *Juli* husikika karibu sawa, hivyo watu husema *Juno* na *Julei*, na *zwei* hugeuzwa kuwa *zwo* ili isidhaniwe *drei*. Sisi tungesema mwezi wa sita na mwezi wa saba tukamaliza, na Wajerumani nao wanaweza kufanya hivyo, wakiisoma *am 4. 7.* kwa namba mbili za mpangilio, *vierten* na *siebten*.

Tuchukue ujumbe wa sauti ulioachwa na ofisi huko Dresden, mji wa Saksonia: *Ihr Termin ist am Donnerstag, dem vierten Julei, um drei viertel neun.* *Donnerstag* ni Alhamisi. *Vierten* imeishia kwa *-n* kwa sababu ya *dem*, na *Julei* ni Julai, si Juni. *Neun* ya asubuhi kwa saa zetu ni saa tatu, na *drei viertel* tumekwisha kuifanya kasorobo, hivyo miadi ni Alhamisi tarehe nne Julai, saa tatu kasorobo asubuhi. Anayetaka uhakika hupiga simu na kuirudia saa kwa lugha ya stesheni, *Also acht Uhr fünfundvierzig?*, ambayo katika eneo lolote la Kijerumani ina maana moja tu.