Kidevu kisiguse kifua: bembea ya kanga na usingizi wa mtoto mchanga

Mtoto alikuwa anakoroma. Tulikuwa Kirumba, Mwanza, kwenye kibanda cha mabati karibu na mwalo, saa tano asubuhi, na mama yake alikuwa amekaa chini akichambua dagaa. Juu yake, kwenye boriti, alikuwa amefunga kanga ncha zote pamoja kama mfuko, na mtoto wa wiki tisa amelala ndani. Wenzake walikuwa wanacheka: "Sikia babu anavyokoroma!"

Mimi ni nesi wa watoto, na mkoromo wa mtoto wa umri ule huwa haunichekeshi. Niliomba ruhusa nikafunua upindo wa kanga. Mtoto alikuwa amejikunja mithili ya herufi C, matako yakiwa chini kabisa na kichwa kimeinamia mbele, kidevu kimezama kifuani. Niliingiza mkono chini ya mabega, nikamnyanyua kidogo mpaka shingo ikanyooka. Mkoromo ulikatika hapo hapo. Nilipomrudisha alivyokuwa, ukaanza tena.

"Umeona, mama?" nikamwambia. "Huo si usingizi mzito. Hewa inapita kwa shida."

Sababu yake iko kwenye umbo la mtoto mchanga. Kichwa chake ni kikubwa na kizito kuliko shingo inavyoweza kubeba, na kisogo kimetokeza nyuma, kwa hiyo akilazwa mahali palipobonyea kichwa husukumwa mbele chenyewe. Bomba lake la hewa ni jembamba na laini. Chukua mrija wa soda uukunje katikati ukiwa unapuliza: hewa haikatiki yote mara moja, inapungua, inapiga mluzi, halafu inakatika. Mtu mzima akikosa hewa usingizini hushtuka na kugeuka. Mtoto wa miezi michache anaweza asiamke, na hata akiamka hana nguvu ya kuinua kichwa kutoka shimoni. Wala halii, maana kulia kunataka hewa. Ndiyo maana watu husema "alikuwa ametulia tu".

Kitambaa kinaongeza shida ya pili. Mfuko ukishabeba uzito, kingo zake hujifunga juu, na mtoto akigeuza uso pua inakutana na kanga. Hapo anaanza kuvuta tena hewa aliyokwisha kuitoa. Kitenge kizito ni kibaya zaidi ya kanga nyepesi, na blanketi ni baya kupita vyote.

Basi msimamo wangu ni huu, na nausema mapema ili usitafute mbinu ya kuukwepa: bembea ya kitambaa ni ya kubembelezea mtoto ukiwa unamwona. Kulala, hasa usiku, ni chali, mahali bapa na pagumu kiasi, bila mto. Madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2022, wanataka sehemu ya mtoto kulala isiinuke zaidi ya nyuzi 10, na mwaka huo huo sheria ya huko ilipiga marufuku kuuza vitanda vya watoto wachanga vilivyoinama kupita hapo. Hivyo vilikuwa vitanda vya kiwandani, vyenye mikanda na maelekezo. Kanga iliyofungwa kwenye boriti inapita nyuzi hizo kwa mbali.

Sasa, najua hali ya kazi za mwaloni. Mikono yote miwili iko kwenye dagaa, jua ni kali, na mtoto anataka kutikiswa. Kumwambia mama yule "acha bembea" na kuondoka ni kumpa maneno tu. Kwa hiyo tuliitengeneza upya, yeye na mimi na kijana mmoja fundi wa mitumbwi aliyekuwa na msumeno.

Kwanza tuliacha kuning'iniza kwenye sehemu moja. Tulifunga kamba mbili kwenye boriti, zikiachana karibu mita moja na nusu, moja upande wa kichwa na nyingine upande wa miguu. Kila upande tukaweka fimbo ya kutanulia, urefu wa kama sentimita 50, ili kitambaa kisijifunge juu ya uso. Kisha tukalaza ndani ubao mwepesi wa sentimita 60 kwa 35 uliopigwa msasa, na juu yake khanga moja iliyokunjwa mara mbili, ikakazwa na kuchomekwa chini ya ubao isije ikavutika. Hatukuweka godoro la sponji. Sponji laini inabonyea, na tungekuwa tumelirudisha shimo lile lile.

Kupima mwinamo hakuhitaji kifaa. Ubao ukiwa na sentimita 60, nyuzi 10 ni tofauti ya kama sentimita 10 kati ya ncha ya kichwa na ncha ya miguu. Pima kutoka sakafuni hadi kila ncha, mtoto akiwa ndani, maana uzito wake hubadilisha kila kitu. Ikizidi sentimita 10, fupisha kamba ya miguu. Mimi napenda tofauti iwe ndogo kabisa, kama sentimita mbili au tatu, kichwa kikiwa juu. Kichwa kisiwe chini ya miguu hata kidogo.

Halafu kuna kipimo cha vidole, na hiki ndicho ninachotaka kila mtu anayemshika mtoto akijue, hata bibi na dada wa kazi. Pitisha vidole viwili vilivyolala kati ya kidevu na kifua. Vikipita bila kusukuma, shingo iko sawa. Visipopita, mtoe. Usimrekebishe humo humo ukaondoka, kwa sababu kile kilichomtelezesha mara ya kwanza bado kipo. Ukisikia mkoromo au mluzi, ukaona pua zinapanuka, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta, au midomo inageuka rangi, mtoe mara moja, mlaze chali kwenye sakafu bapa, uso ukitazama juu, kichwa kisiiname mbele wala kisipinde nyuma, sugua nyayo zake na uite msaada. Asipopumua, anza kumpulizia kwa kufunika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, pumzi ndogo za kuinua kifua tu, wakati mwenzako anatafuta usafiri wa hospitali.

Kuhusu kamba nilikuwa na ubishi na fundi. Yeye alitaka kamba ya nailoni, ile ya kuvutia nyavu, kwa sababu "hii inavuta mtumbwi, mtoto ni nini?" Ni kweli haitakatika. Tatizo la nailoni ni utelezi: fundo linalobana vizuri kwenye katani linaweza kutambaa taratibu kwenye nailoni, hasa likitikiswa mbele na nyuma. Tukatumia ndoo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20 na kidogo, mara nne ya mtoto yule aliyekuwa na kilo 4.8. Tuliining'iniza mahali pa mtoto, tukaichorea kamba alama ya mkaa pembeni ya fundo, tukaibembeza dakika kumi. Fundo moja lilikuwa limesogea upana wa vidole viwili kutoka kwenye alama. Fundi akanyamaza, akalifungua, akazungusha kamba mara mbili zaidi kwenye boriti, akaacha mkia mrefu. Tulipima tena, alama haikusogea. Kila siku mama anaangalia ile alama kabla ya kumweka mtoto.

Boriti nayo itazame. Kwenye vibanda vingi mbao zimeliwa na mchwa upande usioonekana. Gonga kwa kisu usikie kama kuna utupu. Usifunge kwenye pao la kupigilia bati, halikuwekwa kwa kazi hiyo. Chini ya bembea pasizidi urefu wa goti hadi sakafuni, pasiwe na jiko, sufuria wala jiwe, na pembeni kuwe na nafasi isigonge nguzo. Bembeza kwa mkono, polepole, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto kifuani. Kaka wa miaka sita asiachiwe kazi hiyo, atataka kuona inafika wapi.

Nyavu za kuvulia kama bembea nazikataa kabisa. Nimeziona visiwani na mwambaoni: vidole na vifungo vya nguo hunasa kwenye matundu, na zile nyembamba hukata ngozi. Chandarua ni habari nyingine, huku kwetu mbu hawangoji usiku wa manane. Lakini chandarua kining'inie mbali na uso, kikiwa kimefunika bembea nzima kutoka juu. Kisitumike kuwa kitambaa cha kubebea.

Wapo ambao siruhusu wawekwe kwenye bembea hata kwa dakika tano: aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, mwenye mafua yaliyoziba pua, na yeyote ambaye shingo yake imelegea kuliko ya wenzake. Na kuna siku bembea inaisha kwa kila mtoto, pale anapoanza kujigeuza au kujisukuma kwa mikono, mara nyingi mwezi wa nne au wa tano. Ubao bapa unaomsaidia kupumua ndio unaomrahisishia kubingirika nje. Usimfunge mkanda ili umpatie mwezi mmoja zaidi.

Kilichobaki kilikuwa usingizi wenyewe. Mtoto akishasinzia kwenye bembea, isimamishe, inua mkono wake uuachie. Ukidondoka kama kitambaa, ameshazama. Mbebe akiwa amelala vile vile, tanguliza matako kwenye kitanda, kisha mgongo, kichwa mwisho, na mkono wako ubaki kifuani kidogo kabla ya kuutoa. "Kitanda kiko wapi hapa, nesi?" mama akaniuliza, na aliuliza vizuri. Nikamweleza kwamba Ufini, tangu 1938, serikali hugawa boksi la vitu vya mtoto, na watoto wengi wamelala ndani ya boksi hilo hilo. Akatazama pembeni, kwenye rundo la makreti ya plastiki.

Walimnunulia jipya, ambalo halijawahi kuona samaki. Ndani limewekwa blanketi moja lililokunjwa likakazwa, sakafu bapa, matundu pembeni ya hewa, chandarua kidogo juu. Linakaa kivulini, chini usawa wa macho yake anapochambua. Bembea inatumika kama robo saa, akiimba. Ikimaliza kazi anaifungua kabisa na kuitundika juu ya msumari, kwa sababu nilimwonyesha jinsi mtoto wake mkubwa alivyokuwa akijizungusha kwenye kitanzi tupu, kamba ikijisokota kuelekea shingoni. Kanga ya kwanza ameirudisha kwenye kazi yake ya mbeleko, na nikipita namwona akipeleka mkono nyuma, anapapasa kutafuta kidevu.