Mpangilio wa Vituo vya Mazoezi ya Mzunguko kwa Darasa Kubwa: Maelekezo kwa Walimu na Viongozi wa Vikundi

Tangu muhula huu uanze, ofisi yetu imepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kuhusu vipindi vya mazoezi ya mzunguko katika shule na viwanja vya hapa Mombasa. Wazazi wanalalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na maumivu ya vifundo vya mikono na mabega, na viongozi wa vikundi wanalalamika kwamba washiriki hawana bidii. Tumepitia mipango iliyotumika katika vipindi hivyo, na tumeridhika kwamba mara nyingi tatizo halikuwa uvivu wa mtu yeyote. Vituo vilipangwa kwa majina ya mazoezi, wala si kwa misuli inayofanya kazi.

Tuuchukue mpango mmoja tulioletewa, wa darasa la wanafunzi 60 lililogawanywa katika vikundi kumi vya watu sita. Kituo cha kwanza kilikuwa kuchuchumaa, cha pili pushapu, cha tatu planki ya viganja, cha nne kupanda mlima, yaani kushika chini na kuleta magoti kifuani kwa zamu, na cha tano kutambaa kama dubu. Vilifuata kupiga hatua ndefu za mbele, kuruka kamba, kukunja tumbo, kuruka kutoka katika hali ya kuchuchumaa, na mwisho kupanda na kushuka benchi. Mbele ya kila kituo mwalimu aliandika lengo lake: kifua, tumbo, moyo, mwili mzima, na kadhalika. Kwenye karatasi mpango ule ulionekana una uwiano mzuri.

Uwiano huo haukuwapo. Kuanzia kituo cha pili hadi cha tano, uzito wa mwili umebebwa na viganja, vifundo vya mikono na sehemu ya mbele ya mabega. Planki ya viganja imeandikwa kuwa ni ya tumbo, na ni kweli tumbo linafanya kazi, lakini bega lililotoka kwenye pushapu halipumziki hata kidogo. Mwanafunzi anafika kwenye kutambaa kama dubu akiwa amelitumia bega lile lile kwa vituo vitatu mfululizo, na hapo ndipo viwiko vinapolegea, kiuno kinashuka na kifundo kinaumia. Mwalimu anayesimama karibu na kituo hicho huona watu waliolala chini, kisha huwapigia kelele.

Kosa la pili limefichika zaidi. Mzunguko hauna mwisho: anayetoka kituo cha kumi anaingia cha kwanza. Katika mpango huu kituo cha tisa ni kuruka kwa kuchuchumaa, cha kumi ni kupanda benchi, na cha kwanza ni kuchuchumaa. Hivyo ni vituo vitatu vya mapaja vilivyofuatana, ingawa kwenye karatasi kimoja kiko juu kabisa na viwili viko chini kabisa. Tunawaomba viongozi wachore duara badala ya orodha, kwa sababu orodha huficha kosa hili kila mara.

Kosa la tatu ni kwamba katika vituo vyote kumi hakuna hata kimoja cha kuvuta. Hili tunalikuta karibu katika kila mpango usiokuwa na vifaa, kwa kuwa ni rahisi kuisukuma ardhi, na hakuna cha kuvuta pasipo chuma cha kuning'inia. Misuli ya mgongo wa juu na ya mbele ya mkono ikiachwa wiki baada ya wiki huku kifua kikifanyishwa kazi, mabega huanza kuvutika mbele. Taulo moja nene inatosha kulitatua. Wanafunzi wawili hukaa wakitazamana, nyayo kwa nyayo, magoti yamekunjwa kidogo. Mmoja huvuta taulo taratibu hadi viwiko vifike kando ya mbavu huku mwenzake akimzuia kwa nguvu ya wastani, kisha hubadilishana. Wote wawili wanafanya kazi kwa wakati mmoja, na hilo lina thamani kubwa katika darasa la watu wengi.

Tulimrudishia mwalimu yule mpango ukiwa umepangwa upya hivi: kuchuchumaa, pushapu, kulala chali na kuinua kiuno, kuvuta taulo, kupanda benchi, planki ya viwiko, kuruka kamba, kuinama na kuvuta jerikani kwa mkono mmoja, kukunja tumbo, na kunyanyua jerikani juu ya kichwa kwa mikono miwili. Miguu imepata vituo vinne, kusukuma viwili, kuvuta viwili na kiwiliwili viwili. Hakuna vituo viwili vya miguu vinavyopakana, hata pale cha kumi kinapokutana na cha kwanza. Planki imehamishiwa kwenye viwiko ili vifundo vya mikono vipumzike, na kutambaa kama dubu kumeondolewa kabisa, ingawa wanafunzi walikupenda.

Vifaa vinavyohitajika ni taulo tatu, benchi mbili ndefu, kamba sita na jerikani kumi na mbili za lita tano. Jerikani ya lita tano iliyojaa maji ina uzito wa takriban kilo tano, na asiyeuweza uzito huo hupunguziwa maji. Idadi hii haipunguzwi. Kituo chenye watu sita na jerikani tatu hakifanyi kazi kwa muda uliopangwa: watatu wanafanya, watatu wanatazama, na sekunde arobaini za kila mmoja zimekuwa ishirini. Kama vifaa havitoshi, weka zoezi lisilohitaji kifaa. Wanafunzi wakizidi, wakiwa 63 kwa mfano, waongezeni kwenye vituo visivyo na vifaa, kama kuchuchumaa, wala msianzishe kituo cha kumi na moja kwa watu watatu.

Sasa muda. Ushauri wetu ni kwamba kila kituo kichukue dakika moja kamili, kazi na mapumziko yakiwa ndani yake. Darasa jipya lianze na sekunde 30 za kazi na 30 za kupumzika na kuhama. Baada ya wiki tatu hivi, kama vituo vinakwenda vizuri, liende kwenye 40 kwa 20. Ratiba haibadiliki, filimbi haibadiliki sana, na mzunguko mmoja unabaki kuwa dakika kumi. Katika kipindi cha dakika 40, dakika sita ni za kupasha mwili moto, nne za kuonyesha vituo, kumi za mzunguko wa kwanza, tatu za kunywa maji kivulini, kumi za mzunguko wa pili na tano za kutulia. Zinabaki mbili, na mtazihitaji.

Lazima tuseme wazi kuhusu mapumziko, kwa sababu tumechoka kusikia kwamba kupumzika ni kuwadekeza watoto. Sekunde 20 za kuhama zina kazi yake: karibu kumi huisha kwa kutembea na kushika kifaa, kwa hiyo pumziko lenyewe ni sekunde kumi tu. Ukizikata hizo, washiriki hufanya marudio machache kwa umbo baya, na zoezi hugeuka kuwa jingine ambalo hukulipanga. Kwa sababu hiyo hiyo vituo vipangwe kwa umbo la mstatili au duara, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kama mita tano. Vikipangwa kwa mstari mmoja, kikundi cha kituo cha kumi kitalazimika kukimbia zaidi ya mita arobaini kurudi cha kwanza, na pumziko lake litaishia njiani.

Mtajuaje kama mpango una kasoro? Hesabuni marudio ya mwanafunzi mmoja katika sekunde kumi za mwanzo na sekunde kumi za mwisho za kituo. Yakipungua kwa zaidi ya nusu, kuna tatizo, ila bado hamjajua liko wapi. Hapa darasa kubwa lina faida isiyopatikana kwa mtu mmoja, kwani kila kikundi huanzia kituo tofauti. Katika mzunguko wa kwanza, mlinganisheni mtu aliyeanzia kituo hicho akiwa bado hajachoka na aliyefika akitokea kituo kilichotangulia. Wote wawili wakianguka, zoezi ni gumu mno au muda ni mrefu mno. Aliyeanzia hapo akifanya vizuri na aliyetoka jirani akaanguka, kosa ni mfuatano, na dawa yake ni kuvibadilisha vituo nafasi bila kugusa muda. Kwa mpango ule wa awali, walioanzia kutambaa kama dubu walimaliza wakiwa imara, na waliotoka kupanda mlima hawakumaliza. Jibu lilikuwa wazi, lakini hakuna aliyekuwa ameangalia.

Mbinu ya mazoezi ya mzunguko ilibuniwa mwaka 1953 na R. E. Morgan na G. T. Adamson wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na msingi wake ulikuwa kila mtu kupewa kiasi chake. Ndiyo maana tunasisitiza muda badala ya idadi. Ukiamuru pushapu ishirini, mwenye nguvu humaliza na kungoja, na dhaifu huchelewesha kikundi kizima kuhama. Ukiamuru sekunde 30, kila mmoja hufanya anachoweza, hata kwa magoti, na wote huhama pamoja.

Kwa hali yetu ya pwani, hesabu hii ina mpaka. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto huambatana na unyevu na jasho halikauki mwilini, kwa hiyo mwili haupoi kama inavyotarajiwa. Katika miezi hiyo rudini kwenye 30 kwa 30 hata kama darasa limezoea, na vipindi viwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga afanye mzunguko mmoja tu kwa kasi ndogo, au asamehewe. Mshiriki akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kujibu maswali isivyo, asimamishwe papo hapo, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe huku msaada wa daktari ukiitwa. Usisubiri filimbi.

Kuhusu utaratibu wa ofisi, kila kiongozi anayeomba kutumia uwanja kupitia kwetu kwa kundi la watu zaidi ya 30 anatakiwa kuwasilisha mchoro wa vituo siku saba za kazi kabla ya kipindi cha kwanza. Mchoro uonyeshe jina la zoezi, misuli inayobeba uzito, idadi ya vifaa, na kiungo kinachogusa ardhi katika kila kituo. Nakala ziwe mbili, zote zimetiwa sahihi. Moja hubaki kwetu, na ya pili hupigwa muhuri na kurudishwa, nayo ndiyo inayopaswa kuwapo uwanjani. Mchoro uliobadilishwa uletwe upya, hata kama vituo viwili tu ndivyo vilivyobadilishana nafasi. Jeraha lolote liandikwe katika daftari la matukio siku hiyo hiyo, na taarifa itufikie ndani ya saa 24. Kiongozi atakayeendesha kipindi bila mchoro atapewa onyo la maandishi. Akirudia, ruhusa ya uwanja itasitishwa hadi ahudhurie tena mafunzo ya mpangilio wa vituo. Michoro hupokelewa dirishani Jumatatu hadi Alhamisi, kabla ya saa tisa alasiri.